Kumfundisha mzazi mzee kutumia kadi ya benki na namba ya siri

Mtoto anayetaka kumfundisha mzazi wake kutumia kadi ya benki hana budi kukubali jambo moja kabla hata ya kuigusa kadi yenyewe: namba ya siri itakuwa ya mzazi peke yake, na yeye mfundishaji hataijua. Wengi huanza kinyume chake. Huifungua bahasha ya benki, hujichagulia namba, huiandika nyuma ya daftari la mzee, kisha humwambia apige simu akikwama. Hapo mzee hajajifunza chochote, na namba tayari imeshatoka mikononi mwake. Masharti ya benki humkataza mwenye kadi kumtajia mtu yeyote namba hiyo, hata mwanawe, na fedha ikitolewa kwa namba iliyo sahihi ni vigumu sana kuishawishi benki kwamba si mwenye akaunti aliyeitoa. Upo pia upande wa familia, ambao mimi nauona mzito zaidi: siku salio la mzee litakapopungua bila maelezo, mtoto anayeijua namba ndiye wa kwanza kutazamwa vibaya na ndugu zake.

Mazungumzo yaliyomo humu ni mfano wa binti na baba yake, mwalimu mstaafu wa Korogwe mkoani Tanga, ambaye pensheni yake ya PSSSF huingia benki kila mwezi na ambaye amezoea kuitoa dirishani kwa kitambulisho na saini. Maneno unaweza kuyabadili yafae nyumba yenu, lakini mpangilio ni afadhali ubaki ulivyo, kwa sababu kila hatua inategemea iliyotangulia.

Hatua ya kwanza: kuijua kadi

Anzeni nyumbani, mezani, penye mwanga wa kutosha, mzee akiwa amevaa miwani yake. Kadi ikae mkononi mwake tangu mwanzo. Kabla ya kueleza lolote, muulize anachokiogopa, kwa maana wazee wengi wana hofu moja ambayo wasipoulizwa hawaisemi.

Baba: Mwanangu, hii kadi ikipotea, si pensheni yangu yote imepotea?

Binti: Hapana, baba. Ndani ya kadi hamna fedha. Fedha zako ziko benki, palepale zilipokuwa siku zote. Kadi inafanya kazi ya kitambulisho ulichokuwa unakitoa dirishani, na namba ya siri inafanya kazi ya saini yako. Kadi ikipotea, unaipigia benki simu, wanaifunga, unapewa nyingine.

Baba: Na aliyeiokota?

Binti: Kwenye mashine ya ATM, bila namba ya siri hatoi kitu. Ndiyo maana kadi na namba havikai mahali pamoja hata siku moja.

Baada ya hapo mwonyeshe vitu vitatu tu. Cha kwanza ni chipu, kile kipande kidogo cha rangi ya dhahabu au fedha, kwa sababu ndicho kinachotangulia kuingia kwenye mashine, uso wa kadi ukiwa juu. Cha pili ni tarakimu nne za mwisho za namba ndefu ya kadi. Hizo si siri, na mara nyingi huchapwa pia kwenye risiti. Azisome kwa sauti na azikariri, maana kadi nyingi zinazotolewa papo hapo tawini hazina jina la mwenyewe, na zote za benki moja hufanana rangi na picha. Tarakimu hizo nne ndizo zitakazomwezesha kujua kama kadi aliyorudishiwa ni yake. Cha tatu ni zile tarakimu tatu ndogo za nyuma. Hizo ni siri kama namba ya siri yenyewe, kwa sababu kuna malipo ya mtandaoni yanayoweza kufanyika kwa kuzijua pamoja na namba ndefu ya mbele. Kwa macho yaliyofifia inafaa pia kuweka nukta moja ya kalamu isiyofutika kwenye pembe ya nyuma ya kadi, mbali na chipu na ule mstari mweusi. Msibandike karatasi wala gundi, kwani huweza kukwama ndani ya mashine.

Hatua ya pili: kuchagua namba

Hapa usiharakishe. Namba itakayochaguliwa vibaya itasahauliwa, au itakisiwa na mwizi.

Baba: Nitaweka mwaka niliozaliwa, 1952. Huo siwezi kuusahau.

Binti: Naomba kitambulisho chako cha Taifa, baba. Isome ile namba ndefu, tarakimu nne za mwanzo.

Baba: Moja, tisa, tano, mbili.

Binti: Namba ya kitambulisho huanza na mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Pochi ikiibwa, kadi na kitambulisho vinaondoka pamoja, na mwizi atajaribu mwaka huo kabla ya namba nyingine yoyote.

Baba: Basi nitaweka namba ya nyumba tuliyopanga zamani, ile ya...

Binti: Usinitajie, baba. Nikishaisikia imekwisha kuwa si siri.

Baba: Hata wewe?

Binti: Hata mimi. Nisipoijua, siku ndugu zangu wakiuliza, mimi na wewe tuko salama.

Mkatize hivyo kwa upole kila anapotaka kuitaja, na ujue kwamba atataka kuitaja mara kadhaa, kwa kuwa kwake kumficha mwanawe kunafanana na kutomwamini. Ndiyo sababu inafaa aelezwe kwamba siri hii inamlinda mtoto pia. Mzazi hulipokea neno hilo upesi kuliko maelezo yoyote kuhusu wezi.

Njia inayowasaidia wazee kukumbuka ni kuunganisha namba mbili za tarakimu mbilimbili kutoka katika kumbukumbu za zamani ambazo hazimo katika karatasi yoyote: namba ya wimbo alioupenda kanisani akiwa kijana, kwa mfano, ikifuatwa na idadi ya wanafunzi wa darasa la kwanza alilolifundisha. Kumbukumbu za ujanani hudumu hata pale za juzi zinapoponyoka. Mwache akae peke yake achague, kisha umuulize maswali ambayo jibu lake ni ndiyo au hapana: Je, ni mwaka wa kuzaliwa kwa mtu yeyote wa nyumbani? Je, ni tarakimu moja iliyorudiwa? Je, zinafuatana kama 1234? Je, zimo katika namba yako ya simu? Akijibu hapana kwa yote, namba inafaa. Kesho yake muulize tena, "Bado unaikumbuka?" Atikise kichwa tu.

Akisisitiza kuiandika, usibishane naye sana, ila aandike kidokezo badala ya namba: maneno mawili yatakayomkumbusha yeye na yasiyomwambia kitu mtu mwingine, kwenye karatasi inayobaki nyumbani. Isikae kwenye pochi, kwenye mfuko wa simu, wala kwenye simu yenyewe chini ya jina la benki.

Hatua ya tatu: kufanya mazoezi kwenye kadibodi

Chukua kipande cha kadibodi, uchore vitufe kama vilivyo kwenye ATM: 1, 2, 3 juu, kisha 4, 5, 6, kisha 7, 8, 9, na 0 chini katikati. Mpangilio huo ni uleule wa simu, ila kikokotoo huanza na 7, 8, 9 juu, na mzee aliyezoea kikokotoo anaweza kukosea kwa sababu hiyo tu. Kwenye mashine halisi kitufe cha 5 huwa na kinundu kidogo, ili kidole kijue kiko wapi bila macho. Pembeni chora vitufe vitatu vya rangi: nyekundu cha kusitisha kila kitu, njano cha kufuta ulichokosea, na kijani cha kukubali.

Kwa mazoezi tumieni namba ya uongo, tuseme 4071, wala asibonyeze namba yake halisi mbele yako.

Binti: Mkono wa kushoto ufunike juu ya vitufe kama unavyokinga kiberiti upepo, wa kulia ubonyeze chini yake.

Baba: Nne... sifuri... saba...

Binti: Baba, midomo.

Baba: Imefanyaje?

Binti: Unaitaja. Mtu aliye nyuma yako ameshaisikia.

Kosa hili ni la kawaida mno kwa wazee na watoto hawalioni, kwa sababu wanatazama vidole. Mtu aliyezoea kuhesabu kwa sauti huzinong'ona tarakimu anapozibonyeza, na asiyesikia vizuri huzisema kwa sauti kubwa kuliko anavyodhani. Dawa yake ni kufunga midomo na kurudia hadi vidole vizoee bila msaada wa ulimi. Msiende kwenye mashine kabla hilo halijakaa sawa.

Hatua ya nne: siku ya mashine

Chagueni ATM iliyo kwenye tawi la benki yake, asubuhi ya siku ya kazi baada ya milango kufunguliwa, na msiende siku ambazo mishahara na pensheni zinaingia. Kadi ikimezwa, wahudumu wapo hatua chache tu ndani, na hakuna foleni ya kumhimiza mzee. Kabla ya kuingiza kadi, atazame mdomo wa kuingizia na autikise kwa vidole. Ukicheza, au ukionekana umepachikwa juu ya mwingine, au pakiwa na uzi au gundi, waondoke na wawaarifu wahudumu.

Safari ya kwanza ni ya kubadili ile namba iliyotolewa na benki, kama mashine inaruhusu, na kutoa kiasi kidogo. Binti asimame naye mpaka ukurasa wa kuingiza namba, halafu ageuke.

Baba: Inauliza lugha.

Binti: Chagua Kiswahili. Sasa inataka namba ya siri. Nageuka nyuma, ukimaliza niite.

Baba: Tayari, mama. Imeleta maneno mengi.

Binti: Usikimbilie kubonyeza. Nisomee yote.

Baba: Kutoa fedha. Salio. Taarifa fupi. Badili namba ya siri.

Binti: Anza na kubadili namba. Itakutaka uandike namba mpya mara mbili, na mara zote mbili ziwe sawa. Bado nimegeuka.

Baba: Imekubali.

Binti: Haya, sasa angalia salio, kisha utoe elfu hamsini.

Kwenye kiasi ndipo pa kutulia, kwa sababu 50,000 na 500,000 hutofautiana kwa sifuri moja na macho ya mzee hupitiwa. Mfundishe kuzihesabu sifuri kwa kidole kwenye kioo kabla ya kubonyeza kijani. Mashine ikiuliza aina ya akaunti, pensheni kwa kawaida huwa kwenye akaunti ya akiba. Mhakikishie hilo mapema kwa kuuliza tawini, asije akabahatisha. Mashine nyingi hurudisha kadi kwanza kisha fedha, nyingine hutanguliza fedha, kwa hiyo kanuni yake iwe kwamba haondoki mpaka ameshika vyote viwili na kioo kimerudi kwenye ukurasa wa mwanzo. Kadi au fedha zikiachwa mdomoni mwa mashine kwa muda mfupi huweza kuvutwa ndani, na hilo si wizi. Hufanya hivyo ili mpita njia asizichukue.

Baba: Nilikuwa na 412,000. Nimetoa 50,000. Mbona risiti inasema 360,700? Si ingekuwa 362,000?

Binti: Umehesabu vizuri, baba. Ile 1,300 ni makato ya benki kwa kutumia mashine. Kila benki ina makato yake, na ukitumia mashine ya benki nyingine huwa makubwa zaidi. Kwa hiyo ni afadhali kutoa mara moja fedha za wiki mbili kuliko kutoa kidogo kidogo kila siku.

Hesabu ya namna hiyo ifanyike kila mara, nyumbani, risiti ikiwa mezani: salio la zamani, toa kiasi, toa makato. Mzee anayeijua tofauti ya 1,300 ataiona pia tofauti isiyo na maelezo.

Hatua ya tano: mtu anayejitolea kusaidia

Wizi unaowapata wazee wengi kwenye ATM hauhitaji utaalamu wowote. Mtu msafi, mwenye heshima, humwamkia mzee, humwambia kwamba mashine ina matatizo, humchukulia kadi na kuiingiza mwenyewe, hutazama namba inavyobonyezwa, kisha humrudishia kadi nyingine ya benki ileile. Mzee huondoka akishukuru. Kwa kuwa maadili yetu yanamtaka kijana amsaidie mzee, na mzee aupokee msaada kwa shukrani, maelezo matupu hayatoshi. Jambo hili liigizwe nyumbani, mtoto akiwa yule mtu.

Binti: Shikamoo, mzee wangu. Hiyo mashine inasumbua leo, lete nikusaidie.

Baba: Marahaba. Ahsante, mwanangu, shika...

Binti: Baba, umenipa kadi.

Baba: Umeniamkia vizuri. Nikunyime?

Binti: Itikia salamu, shukuru, na kadi ibaki mkononi mwako. Sema, "Ahsante, nitaingia ndani." Halafu ubonyeze kitufe chekundu, uchukue kadi, uingie.

Baba: Na kama ni mtu mwema kweli?

Binti: Mtu mwema hataudhika ukiingia ndani ya benki.

Igizeni mara kadhaa kwa sura tofauti: mwanamke mwenye mtoto mgongoni, mlinzi wa mlangoni, jirani. Kwa mlinzi pia jibu ni lilelile, kwa sababu kazi yake ni lango wala si kadi za watu. Na kila kadi inapotoka kwenye mashine, azisome zile tarakimu nne za mwisho na kutazama nukta yake kabla ya kuitia mfukoni.

Kwa wakala na dukani kanuni haibadiliki. Kadi isiondoke mbele ya macho yake, asome kiasi kwenye kimashine kabla ya kubonyeza, na abonyeze mwenyewe. Wazee wengi humtajia wakala namba kwa sauti ili awabonyezee, na wakala mwaminifu mwenyewe hapendi kuijua.

Hatua ya sita: simu

Piga simu ya mzee ukiwa chumba cha pili, ujifanye mtu wa benki: kadi yake inataka kufungwa, ataje namba ya siri, au asome namba iliyoingia sasa hivi kwenye ujumbe. Jibu analojifunza ni kukata simu, bila kubishana na bila kueleza. Mfanyakazi wa benki haulizi namba ya siri, wala zile tarakimu tatu za nyuma, wala namba ya kuthibitisha iliyokuja kwa ujumbe. Akitaka kujua ukweli, apige mwenyewe namba iliyochapwa nyuma ya kadi, ambayo mmeinakili kwenye daftari la nyumbani mapema, kwa kuwa kadi ikipotea inaondoka na namba hiyo. Asiamini namba iliyobandikwa kwa karatasi kwenye ukuta wa ATM. Nchini Tanzania namba ya simu ya tapeli inaweza kuripotiwa kwa kuituma kwenda 15040.

Mambo yanapokwama

Akikosea namba ya siri mara mbili, aache hapohapo, kwani kosa la tatu kwa kawaida huifunga kadi, na mashine nyingine huimeza kabisa. Aingie tawini na kitambulisho, au arudi nyumbani atazame kidokezo chake. Kadi ikimezwa, asiondoke kwanza: apige simu benki akiwa palepale, au aingie ndani, wala asibonyeze namba yake tena kwa ushauri wa mtu yeyote aliye karibu, kwa kuwa zipo kadi zinazonaswa kwa makusudi ili mwenyewe akiondoka zichukuliwe. Mashine ikikata salio bila kutoa fedha, anukuu saa, mahali na kiasi, atunze risiti, na ajaze fomu ya malalamiko kwenye benki iliyotoa kadi, hata kama mashine ilikuwa ya benki nyingine. Mara nyingi fedha hizo hurudi baada ya mashine kuhesabiwa, lakini mwenye risiti huhudumiwa kwa urahisi zaidi.

Kuna pia mzazi ambaye kadi haimfai tena. Ukiona anasahau namba aliyoitumia juma lililopita, au anasimama mbele ya kioo bila kukumbuka alichokuja kufanya, au risiti zinaonyesha fedha zimetolewa mara mbili siku moja naye hakumbuki, usimzidishie mazoezi wala usiichukue namba ili umtolee wewe. Nendeni pamoja tawini, yeye akiwa bado anaweza kujieleza, muulize benki kuhusu kuongeza mtia saini au kutumia hati ya uwakilishi, na kadi irudishwe, ili aendelee kuzichukua fedha zake dirishani kwa kitambulisho kama alivyozoea.